Kuuliza Maswali ya Sarufi katika Darasa la Lugha Mbili: Ukanushi wa Hali Timilifu

Katika sura zilizotangulia tumeona jinsi kiambishi -me- kinavyoonyesha kutimia kwa tendo, na jinsi kinavyokanushwa kwa -ja-. Sura hii haiongezi kanuni mpya ya sarufi. Inashughulika na namna ya kumuuliza mwanafunzi kuhusu kanuni hiyo, hasa katika darasa ambalo mwalimu na wanafunzi huchanganya Kiswahili na Kiingereza, ili tunapoona jibu tujue kama tumepima sarufi au tumepima kitu kingine.

Tutachukua mfano wetu kutoka Mpumudde, mtaa wa mji wa Jinja. Darasa tunalolifikiria ni la kidato cha pili. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo nchini Uganda. Kwa hiyo darasani mna watoto waliokisikia Kiswahili nyumbani na wengine waliokutana nacho mara ya kwanza walipoingia sekondari. Wengi huzungumza Lusoga au Luganda. Wamo pia watoto wa familia zilizotoka Teso na Tororo, kwa kuwa Jinja ni mji uliovuta wafanyakazi kutoka pande nyingi, hasa baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Lugha wanayoitumia wote kwa masomo mengine ni Kiingereza. Ni jambo la kawaida, basi, mwalimu wa Kiswahili kuanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kiingereza, na wanafunzi kumjibu vivyo hivyo. Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Tunachotaka kujua ni wakati gani inamsaidia mwalimu kuona ujuzi wa mwanafunzi, na wakati gani inamfunga macho.

Swali moja, majibu matano

Mwalimu tarajali amefundisha ukanushi kwa wiki mbili. Mwishoni anatoa jaribio, na swali la nne linasema hivi:

Kanusha sentensi ifuatayo: Wanafunzi wamefika.

Jibu alilolitarajia ni "Wanafunzi hawajafika." Anaposahihisha anakuta majibu ya namna tano. Baadhi wameandika jibu alilolitaka. Wengine wameandika "Wanafunzi hawamefika." Wengine "Wanafunzi hawakufika." Wachache wameandika "Wanafunzi wamekataa kufika." Na wengine wameacha nafasi tupu. Mwalimu anatia alama ya kosa katika majibu yote isipokuwa la kwanza, kisha anaandika katika kitabu chake cha maandalizi kwamba darasa halijaelewa ukanushi na kwamba somo litarudiwa.

Tusikubali hitimisho hilo haraka. Tuyatazame majibu hayo moja baada ya jingine, kwa maana kila kosa linatoka mahali pake.

Mwanafunzi aliyeandika "wamekataa kufika" hakukosea sarufi hata kidogo. Sentensi yake ni sanifu, na upatanisho wa nafsi umekaa vizuri. Alichokosea ni maana ya neno kanusha. Ameliona neno hilo, akaona linafanana na kitenzi kana, ambacho ndicho asili yake, akakisia kwamba anatakiwa kusema kwamba wanafunzi walikana au walikataa. Kwa kweli amefanya kazi ya mofolojia ambayo wengi wetu hatukuifanya tulipokuwa wa umri wake. Hata hivyo, mwalimu hawezi kujua kutokana na jibu hili kama mwanafunzi anaifahamu -ja- au haifahamu, kwa sababu hakuwahi kuulizwa habari yake. Aliyeacha nafasi tupu yuko katika hali hiyo hiyo: pengine hajui ukanushi, pengine hajui agizo. Karatasi haisemi.

Aliyeandika "hawamefika" ameelewa agizo. Anajua kwamba ha- huwekwa mbele na kwamba wanafunzi huchukua -wa-. Asilolijua ni kwamba -me- haiwezi kubaki pale pale inapokanushwa. Hili ni kosa la sarufi, na ndilo pekee kati ya makosa haya ambalo kurudia somo kutalitibu.

Jibu la "hawakufika" ndilo gumu zaidi, na hapo mwenye hatia ni mtunzi wa swali. Tukiambiwa tu "Wanafunzi wamefika" bila kujua ni saa ngapi, nani anasema na anamwambia nani, mtu akikanusha kwa "hawakufika" tutamlaumu kwa nini? Tofauti ya "hawajafika" na "hawakufika" imo katika matarajio ya msemaji. "Hawajafika" husema kwamba tunawasubiri bado. "Hawakufika" hufunga habari. Swali halikumpa mwanafunzi jambo lolote la kumwezesha kuchagua. Likapima kama amekariri jozi iliyoandikwa ubaoni, yaani -me- kwa -ja-, badala ya kupima kama anaijua tofauti.

Basi katika majibu manne yaliyotiwa kosa, moja tu linahusu kile kilichofundishwa.

Agizo na kiini

Kila swali la sarufi lina sehemu mbili. Ya kwanza ni agizo, yaani maneno yanayomwambia mwanafunzi afanye nini. Ya pili ni kiini, yaani kipande cha lugha kinachofanyiwa kazi na ambacho ndicho kinachopimwa. Katika swali letu agizo ni "Kanusha sentensi ifuatayo" na kiini ni "Wanafunzi wamefika."

Mwalimu anayechanganya lugha mara nyingi huchanganya bila kuuliza ni sehemu ipi anayoibadilisha. Akibadilisha agizo likawa kwa Kiingereza na kiini kikabaki Kiswahili, amemrahisishia mwanafunzi kuingia ndani ya swali, na kinachopimwa hakikuguswa. Akibadilisha kiini, kwa mfano akatoa sentensi ya Kiingereza na kumtaka mwanafunzi aiseme kwa Kiswahili, ameleta swali lingine kabisa, la tafsiri, na kama tutakavyoona hivi punde, tafsiri inaweza kuficha ujuzi ambao mwanafunzi anao tayari.

Maneno ya maagizo katika vitabu vyetu ni mazito kuliko tunavyofikiri. Kanusha, yakinisha, ainisha, bainisha, akifisha, changanua: mwanafunzi hakutani nayo sokoni wala kwenye redio, hukutana nayo kwenye karatasi ya mtihani tu. Baadhi yake hata sisi walimu hatuyatumii kwa maana moja. Mwalimu mmoja akisema ainisha anataka maneno yapangwe katika makundi, mwingine anataka aina ya kila neno itajwe chini yake. Mwanafunzi anayehama kutoka shule moja kwenda nyingine huadhibiwa kwa tofauti isiyomhusu.

Kulitengeneza upya swali la nne

Mtu wa kwanza kujaribu kulirekebisha swali hili kwa kawaida huandika hivi: "Sentensi inasema jambo limetokea. Andika sentensi inayosema kwamba jambo hilo halijatokea." Agizo limeeleweka, lakini ameshatoa jibu. Neno "halijatokea" lina -ja- ndani yake, na mwanafunzi mwerevu ataichukua na kuihamishia kwenye kitenzi chake. Hili ni kosa linalotokea mara kwa mara katika kurahisisha maagizo ya Kiswahili kwa Kiswahili: lugha ya agizo ndiyo lugha inayopimwa, kwa hiyo agizo likirefuka tu, umbo tunalolitafuta hujipenyeza ndani yake. Soma agizo lako tena ukitafuta kiambishi unachokipima. Ukikiona, libadilishe.

Wa pili huongeza mfano uliokwisha kufanywa: "Basi limeondoka. Basi halijaondoka." Mfano ni njia nzuri kuliko maelezo, kwa kuwa unamwonyesha mwanafunzi kazi bila kumtaka ajue istilahi. Lakini mfano huu nao umetoa -ja-. Kinachobaki kupimwa ni upatanisho tu: je, mwanafunzi ataweza kuiondoa -li- ya basi na kuweka -wa- ya wanafunzi? Kama upatanisho ndio ulioutaka, mfano huo unafaa. Kama ulitaka -ja-, umejinyima.

Wa tatu, akitaka kuikwepa -ja-, huchukua mfano wa njeo nyingine: "Atasoma. Hatasoma." Hapa kuna mtego wa upande wa pili. Katika wakati ujao kiambishi -ta- hubaki mahali pake, na mwanafunzi akiufuata mfano kwa uaminifu ataandika "hawamefika." Tutakuwa tumemfundisha kosa kisha tukamtoza alama. Dawa ni kutoa mifano miwili inayotofautiana, mmoja ambao kiambishi kinabaki na mmoja ambao kinabadilika, ili mwanafunzi aelewe kwamba kazi ni kusema kinyume, na kwamba umbo atalitoa kichwani mwake.

Kwa darasa la Mpumudde tunapendekeza swali lifuatalo, ambalo halina istilahi hata moja:

Waiswa na Babirye hawakubaliani. Kila Waiswa anaposema jambo, Babirye anasema hapana. Kamilisha maneno ya Babirye.
Waiswa: Wanafunzi watafika. Babirye: Hapana, wanafunzi hawatafika.
Waiswa: Wanafunzi walifika jana. Babirye: Hapana, wanafunzi hawakufika jana.
Waiswa: Wanafunzi wamefika. Babirye: Hapana, ______. Bado tunawasubiri.

Tuone kilichobadilika. Neno kanusha limeondoka, na mahali pake pamekuja watu wawili wanaobishana, jambo ambalo kila mtoto analielewa. Mifano miwili imeonyesha kazi bila kuitoa -ja-. Na sentensi fupi "Bado tunawasubiri" imeleta matarajio yaliyokosekana katika swali la kwanza. Sasa mwanafunzi akiandika "hawakufika" tunayo haki ya kumuuliza, kwa sababu jibu lake linagongana na maneno yanayofuata. Ni kweli kwamba swali sasa linategemea mwanafunzi ajue neno bado. Hakuna swali lisilotegemea neno fulani. Lakini bado ni neno la kila siku, na mwalimu anaweza kuhakikisha kabla ya jaribio kwamba wote wanalijua, kazi ambayo ni nyepesi kuliko kuhakikisha hivyo kwa maneno kumi ya istilahi.

Swali hili ni refu. Linachukua mistari mitano pale ambapo lile la kwanza lilichukua mmoja, na mwalimu mwenye darasa la watoto themanini na ubao mmoja atalalamika. Anaweza kuandika mazungumzo hayo mara moja ubaoni na kuyatumia kwa viini kadhaa: "Mama amepika matoke", "Nimelala", "Teksi imeondoka." Urefu unalipwa mara moja tu.

Pale Kiingereza kinapoficha

Sasa tugeukie kiini kinapotolewa kwa Kiingereza. Mwalimu anataka kujua kama wanafunzi wanaelewa kwamba -me- inaweza kueleza hali iliyopo sasa, iliyotokana na tendo lililokwisha. Mtoto aliye wima mlangoni, kwa Kiswahili, amesimama. Aliye kitandani macho yamefumba amelala. Mwenye shati mwilini amevaa shati. Kiingereza hueleza hali hizi kwa umbo la tendo linaloendelea, umbo lile lile ambalo vitabu vya sarufi vimezoea kulilinganisha na -na-.

Mwalimu akiandika sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba mtoto yuko wima mlangoni, na kutaka itafsiriwe, wanafunzi wengi wataandika "Mtoto anasimama mlangoni." Mwalimu atahitimisha kwamba hawaijui -me-. Huenda si kweli. Swali limewapeleka kwenye umbo la Kiingereza, na umbo hilo limewapeleka moja kwa moja kwenye -na-. Walijibu swali la kulinganisha viambishi viwili vya lugha mbili, na kwa kigezo hicho walijibu sawa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mtoto wa Jinja ana ujuzi huu tangu utotoni. Mtu anayezungumza Luganda akichoka husema "nkooye", na umbo hilo ni la tendo lililotimia, kama ilivyo "nimechoka." Akimwona mtu wima husema "ayimiridde", naye ametumia umbo la utimilifu, sawasawa na "amesimama." Hata jina la mtaa wenyewe linashuhudia. Mpumudde, mahali ambapo Omukama Kabalega wa Bunyoro alifariki mwaka 1923 akirudi kutoka uhamishoni Shelisheli, ni neno linalosomeka kwa Luganda kuwa "nimepumzika": kitenzi cha kupumzika, nafsi ya kwanza, hali timilifu. Mtoto anayelitaja jina hilo kila siku anapoelezea nyumbani kwao hutamka mfano bora wa somo letu kuliko ule ulio katika kitabu. Kiingereza kikiwekwa katikati, daraja lililokuwepo kati ya lugha yake na Kiswahili huvunjika, naye huonekana hajui kile anachokijua.

Swali linalofaa hapa halihitaji Kiingereza wala tafsiri. Chora ubaoni teksi iliyo kituoni, milango wazi, abiria wakipanda. Kando yake chora teksi nyingine ikiwa barabarani, inakaribia kituo, kondakta akitoa mkono dirishani. Kisha andika: "Teksi inasimama. Teksi imesimama. Andika sentensi inayofaa chini ya kila picha." Mwanafunzi anayetofautisha picha hizo mbili kwa viambishi sahihi ameelewa. Anayezibadilisha hajaelewa. Anayeandika "imesimama" chini ya picha zote mbili anaijua hali lakini haoni kwamba tendo linaloelekea kutimia lina umbo lake. Majibu matatu, habari tatu tofauti, na hakuna hata moja iliyotokana na Kiingereza cha mwanafunzi.

Tahadhari moja kuhusu Luganda. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi, kwa mdomo, "Kwenu mnasemaje mtu akiwa wima?" na kulinganisha maumbo. Kwa watoto wa lugha za Kibantu, pamoja na Lumasaba ukifundisha upande wa Mbale, ulinganisho huo huzaa matunda. Lakini mtoto wa Kiteso ana lugha isiyo ya Kibantu, na mpangilio wake wa vitenzi ni mwingine. Swali la mtihani likijengwa juu ya Luganda litampima yeye kwa lugha asiyoijua, nasi tutakuwa tumerudia kosa la Kiingereza kwa vazi jipya. Lugha ya nyumbani ni ya kufundishia na ya kudodosea. Katika swali lenye alama, picha ni ya wote.

Jibu sahihi lisiloonyesha ujuzi

Hadi hapa tumezungumzia lugha inayoficha ujuzi. Lugha huficha pia ujinga, na kosa hili hugunduliwa kwa taabu kwa kuwa halilalamikiwi na mtu yeyote. Mwalimu anauliza kwa mdomo: "Neno ukuta liko katika ngeli gani?" Darasa lote linaitika, "U-ZI!" Mwalimu anafurahi na kuendelea. Dakika tano baadaye mwanafunzi yule yule aliyeitika kwa sauti kubwa anaandika "Ukuta imeanguka." Anajua jina la ngeli, hajui kazi yake. Swali liliuliza jina.

Hali ni mbaya zaidi pale istilahi ya Kiingereza inapoingia. Mwalimu anauliza njeo ya "wamefika", mwanafunzi anajibu kwa jina la njeo la Kiingereza alilolijua tangu shule ya msingi, naye anapata alama. Amethibitisha kwamba anakumbuka somo la Kiingereza. Kanuni tunayoishika ni nyepesi: agizo linaweza kuchanganywa lugha, maelezo ya sababu yanaweza kuchanganywa, lakini umbo linalopimwa sharti litoke kinywani au kalamuni kwa Kiswahili.

Tumesema maelezo ya sababu yanaweza kuchanganywa, na tunalisisitiza kwa kuwa wapo wakufunzi wanaolipinga. Baada ya mazungumzo ya Waiswa na Babirye, mwalimu anaweza kuuliza: "Kwa nini Babirye hakusema hawakufika?" Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuijua sababu bila kuwa na Kiswahili cha kuieleza. Mruhusu aeleze kwa Kiingereza, au aanze kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kiingereza. Sikiliza kama anataja kusubiri, au kwamba jambo linaweza kutokea bado. Akitaja, ameelewa. Ukimlazimisha kueleza kwa Kiswahili atasema "kwa sababu -me- inakuwa -ja-", maneno aliyoyanakili ubaoni, nawe hutajua lolote. Umbo na sababu viwe na alama zake mbalimbali, ili udhaifu wa kimoja usimeze kingine.

Usahihishaji wa umbo nao ugawanywe. Katika "hawajafika" kuna mambo mawili ya kupima: ukanushi wa nafsi, yaani hawa-, na kiambishi -ja-. Kila kimoja kiwe na alama yake. Aliyeandika "hawamefika" apate moja, aliyeandika "wanafunzi hajafika" naye apate moja, na mwalimu aandike pembeni ni ipi. Wanafunzi hawa wawili wana alama sawa lakini wanahitaji masomo tofauti kabisa.

Kujua kosa limetoka wapi

Mwalimu aliyekwisha kutoa swali baya hana haja ya kulitupa jaribio zima. Achague wanafunzi watano hivi kutoka miongoni mwa waliokosa, awaite mmoja mmoja wakati wa mapumziko, na awape swali lile lile kwa sura mbili: kwanza lile la "Kanusha", kisha lile la Waiswa na Babirye. Kwa kila mmoja dakika tatu zinatosha.

Akikosa la kwanza na kupata la pili, shida ni istilahi. Mweleze neno kanusha, basi. Usimrudishie somo la ukanushi. Akikosa yote mawili, shida ni sarufi, na atazame ni sehemu ipi ya kitenzi iliyoharibika. Yupo pia anayepata la kwanza na kukosa la pili, na huyu hushangaza walimu wapya. Amekariri kwamba palipo na neno kanusha, -me- hugeuka -ja-. Lakini katika mazungumzo, pasipo neno hilo, hajui kwamba mahali pamefika pa kukanusha. Katika karatasi ya kawaida huyu angehesabiwa miongoni mwa waliofaulu.

Kuna dalili nyingine inayoonekana hata bila kuwaita wanafunzi. Makosa ya sarufi hutawanyika: huyu -me-, yule hajafika, mwingine hawafiki. Makosa ya agizo hufanana. Ukikuta robo ya darasa imeandika "wamekataa", tena kwa maneno yanayokaribiana, kabla hujafikiri kwamba wamenakiliana, soma tena agizo lako.

Kuiachilia fimbo

Haiwezekani kumficha mwanafunzi istilahi hadi mwisho. Karatasi za mtihani wa taifa hazitamletea Waiswa na Babirye, zitamwambia kanusha. Kwa hiyo swali la mazungumzo ni fimbo ya kutembelea, nayo ina wakati wake wa kuwekwa chini. Katika wiki ya kwanza tumia mazungumzo peke yake. Katika wiki ya pili andika "Kanusha, yaani sema kama Babirye", na mifano ibaki. Katika ya tatu ondoa mifano. Katika ya nne libaki neno "Kanusha" tu, lakini muktadha wa kiini usiondolewe kamwe, kwa maana kutofautisha "hawajafika" na "hawakufika" si suala la istilahi. Mwanafunzi akianguka katika wiki ya nne ilhali alisimama katika ya tatu, unajua alipoangukia.

Zoezi

1. Swali hili lilitungwa kwa ajili ya kidato cha pili: "Yakinisha: Mgeni hajala." Eleza mambo mawili yanayoweza kumfanya mwanafunzi anayeijua -me- akose jibu. Kisha litunge upya bila kutumia neno yakinisha na bila kuitaja -me- katika agizo wala katika mifano.

2. Mwanafunzi ameulizwa "Tumia neno paa katika sentensi", akaandika "Mwalimu ameandika neno paa ubaoni." Je, amekosea? Rekebisha swali hilo ili jibu la namna hiyo lisiwezekane, na ili ujue ni paa ipi aliyoifikiria.

3. Tafuta katika daftari za wanafunzi wako wa mazoezi ya kufundisha jibu moja lililotiwa kosa ambalo, kwa maoni yako, lilitokana na agizo. Mwite mwanafunzi huyo, mwulize upya kwa sura mbili, na uandike alichosema kwa maneno yake mwenyewe, katika lugha yoyote aliyoitumia.